Rangi Nyeusi ya Boksi: Kwa Nini Haitoki, na Ikitoka Huacha Wekundu

Rangi nyeusi ya kudumu inayouzwa kwenye boksi huwa bado haijawa rangi inapotoka dukani. Ndani ya boksi mna krimu yenye malighafi ya rangi pamoja na amonia, na kando yake chupa ya haidrojeni peroksaidi. Hakuna kati ya hivyo viwili kilicho cheusi: krimu huwa nyeupe au ya rangi ya maziwa, na peroksaidi huonekana kama maji au losheni nyepesi. Vikichanganywa bakulini, mchanganyiko huanza kuwa kahawia, kisha zambarau iliyokolea, na baada ya muda huwa mweusi kabisa. Mabadiliko hayo hayo hutokea ndani ya unywele, na hapo ndipo taabu huanzia kwa yule ambaye siku moja ataamua kuuacha weusi.

Unywele mmoja umefunikwa kwa tabaka za magamba membamba yaliyolaliana, ncha zake zikielekea mwisho wa unywele. Chini ya magamba hayo kuna sehemu nene iitwayo koteksi, iliyojengwa kwa protini ya keratini, na humo ndimo zilimo chembe za rangi ya asili. Unywele mzima na mkavu huwa umefunga magamba yake. Amonia iliyo kwenye krimu huleta hali ya alkali, unywele huvimba, magamba huinuka, na njia ya kuingia ndani hufunguka. Katika rangi zinazotangazwa kuwa hazina amonia, kazi hiyo hufanywa na kemikali nyingine ya jamii hiyo hiyo isiyo na harufu kali. Tofauti huwa zaidi puani kuliko kwenye unywele.

Kinachoingia ni molekuli ndogo sana. Iliyo mashuhuri zaidi ni parafenilenidiamini, ambayo hufupishwa PPD. Haina rangi, na udogo wake huiwezesha kupenya kwenye koteksi pamoja na peroksaidi. Ikiwa ndani, peroksaidi huipa oksijeni na kuifanya iwe tayari kushikana na molekuli nyingine zilizoingia pamoja nayo. Mbili au tatu zikishikana huzaliwa molekuli moja kubwa yenye rangi. Molekuli za namna moja huwa za kahawia, nyingine za buluu, nyingine za zambarau inayoelekea wekundu, na zote zikichanganyika jicho huona weusi. Maji na shampuu vikiosha amonia, magamba hulala tena. Molekuli iliyoingia ikiwa ndogo imekuwa kubwa, na njia iliyopitia haiitoshi tena.

Utaratibu huu una zaidi ya miaka mia moja. Mkemia Mfaransa Eugène Schueller alitengeneza rangi ya nywele ya aina hii mwaka 1907, na kutokana na biashara yake ndipo ilipozaliwa kampuni ya L'Oréal. Viambato vimeongezwa na kuboreshwa tangu wakati huo, lakini wazo la kupitisha vitu vidogo visivyo na rangi na kuvifanya vikubwa vikiwa ndani halijabadilika.

Weusi unazidi rangi nyingine kwa ugumu kwa sababu ya wingi. Ili unywele uonekane mweusi kutoka kila upande, lazima umeze karibu mwanga wote unaoangukia juu yake, na hilo huhitaji molekuli nyingi mno za rangi. Kwa hiyo krimu ya nyeusi hubeba malighafi nyingi kuliko krimu ya kahawia isiyokolea. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 ya PPD katika mchanganyiko unaofika kichwani, na rangi zilizo karibu zaidi na kikomo hicho ni zile za giza. Wingi huo huo unaeleza kwa nini mzio huwapata zaidi watumiaji wa rangi nyeusi. Piko inayochorwa mikononi na miguuni katika pwani ya Afrika Mashariki mara nyingi huwa na PPD hiyo hiyo, tena bila kipimo. Mtu aliyewahi kutokwa na malengelenge baada ya kuchorwa piko anapaswa kuliogopa boksi la rangi nyeusi hata kama hajawahi kulitumia, kwa kuwa mwili wake umekwisha kuifahamu kemikali hiyo.

Sababu ya pili ya ugumu ni mazoea ya mtumiaji mwenyewe. Maelekezo ya boksi, kwa mtu anayerudia, husema rangi ipakwe kwenye mizizi iliyoota, kisha ipitishwe kwenye urefu dakika chache za mwisho tu. Nyumbani ni wachache wanaofuata. Chupa imebaki nusu, kuitupa ni hasara, basi rangi yote humiminwa kichwa kizima kuanzia mzizi hadi ncha. Kila mara molekuli mpya hujengwa juu ya zile zilizokuwamo.

Tuchukue mfano wa nywele zenye urefu wa sentimeta 30, nyeusi kwa asili, zilizopakwa rangi nyeusi kichwa kizima kila baada ya miezi miwili kwa muda wa miaka miwili. Hiyo ni mara 12. Tukadirie kwamba zinaota sentimeta 1 kwa mwezi, na kwamba rangi ya mwisho ilipakwa miezi miwili iliyopita. Sentimeta 2 za karibu na ngozi hazijaguswa na rangi yoyote. Unywele ulio sentimeta 15 kutoka ngozini ulitokeza miezi 15 iliyopita, kwa hiyo umepakwa mara 7. Ncha ilikuwapo tangu mwanzo, na imebeba mikupuo yote 12. Kichwa kimoja kina nywele za namna tatu, ingawa kwenye kioo zote zinaonekana nyeusi sawasawa. Nywele za asili ya Kiafrika kwa kawaida huota polepole zaidi, chini kidogo ya sentimeta 1 kwa mwezi, kwa hiyo kila kipande chake hupata mikupuo mingi zaidi kabla hakijakatwa.

Mwenye nywele hizo akichoka na weusi, jambo la kwanza linalomjia ni kununua boksi jingine la kahawia na kupaka. Halisaidii. Peroksaidi iliyo katika rangi ya kawaida, ambayo mara nyingi ni ya asilimia 6, ikishirikiana na amonia inaweza kupunguza kiasi fulani cha rangi ya asili, lakini haina nguvu ya kuvunja molekuli kubwa zilizojengwa na rangi iliyotangulia. Mafundi wa saluni hulifupisha jambo hili kwa kusema kwamba rangi haiondoi rangi. Matokeo yake hujulikana kabla hata ya kuosha: sentimeta 2 za mizizi hugeuka kahawia yenye wekundu, na kuanzia hapo kushuka chini weusi hubaki ulivyokuwa, labda ukiwa umeongezeka.

Kilicho na nguvu hiyo ni blichi. Blichi ya saluni ni unga mweupe au wa buluu wenye chumvi ziitwazo pasalfeti, unaochanganywa na peroksaidi. Pamoja huvunja vipande vipande kila chenye rangi kinachokutana nao, kiwe cha kiwandani au cha asili, na havina njia ya kubagua. Weusi wa boksi unapovunjwa, weusi wa kuzaliwa uliokuwa chini yake nao unavunjwa, na hapo ndipo wekundu unapojitokeza.

Rangi ya asili ya unywele hutokana na melanini, na melanini ziko za aina mbili. Yumelanini ni nyeusi au kahawia iliyokolea, nayo ndiyo iliyojaa katika nywele nyeusi. Feomelanini ina rangi inayocheza kati ya wekundu na njano. Katika nywele nyeusi iko kidogo, imefunikwa na mwenzake, na haionekani. Blichi huivunja yumelanini kwa wepesi zaidi, kwa hiyo kila dakika inayopita huwiano kati ya hizo mbili hubadilika na uwekundu uliojificha huanza kuonekana.

Hata hivyo maelezo hayo peke yake hayatoshi, maana yumelanini yenyewe ikipungua haiwi kijivu. Melanini humeza mwanga wa buluu na zambarau kuliko inavyomeza mwanga mwekundu. Ikiwa nyingi humeza wote, na unywele huwa mweusi. Ikianza kupungua, mwanga wa kwanza kupenya na kurudi machoni ni ule mwekundu, ambao tangu mwanzo ulikuwa ukimezwa kidogo. Ikipungua zaidi mwanga wa kijani nao hupata upenyo, ukaungana na mwekundu, na jicho likaona rangi ya chungwa, halafu njano. Chai ya rangi iliyokolea huonyesha jambo hili vizuri: kwenye birika huwa nyeusi, ikimiminwa kwenye glasi huonekana nyekundu, na kadiri inavyoongezwa maji moto hupita kwenye rangi ya chungwa hadi kufikia njano, ingawa hakuna aliyetia rangi nyingine humo.

Mpangilio huo ni uleule kwa kila unywele wa giza, na hauwezi kurukwa. Mafundi hupima giza la nywele kwa namba kuanzia 1, ambayo ni nyeusi, hadi 10, ambayo ni njano iliyofifia mno. Kwenye namba ya 4 na ya 5 kinachoonekana baada ya blichi ni wekundu; kwenye 6 na 7 ni rangi ya chungwa; kwenye 8 huanza njano, na kwenye 9 na 10 njano hufifia. Hata pale melanini yote inapokuwa imekwisha, kubaki weupe mtupu haiwezekani, kwa kuwa keratini yenyewe ina unjano kidogo. Aliyesimama kwenye rangi ya chungwa hajaharibiwa na fundi wala hajauziwa blichi mbovu. Yuko katikati ya safari.

Rangi ya boksi nayo huongeza wekundu wake. Weusi wake ni mchanganyiko, na sehemu zake hazikai kwa muda sawa. Mara nyingi zile zinazotoa buluu huchakaa mapema, na zile za kahawia na wekundu hubaki. Anayeishi Mombasa au Dar es Salaam hahitaji blichi ili kuliona hili. Nywele zilizopakwa nyeusi zikikaa wiki kadhaa kwenye jua kali, na zikioshwa mara kwa mara, ncha na nywele za juu ya paji la uso huanza kuonyesha ukahawia wenye wekundu, hasa zikitazamwa kwenye mwanga wa jua.

Kuna njia nyingine isiyogusa melanini, nayo ni dawa za kuondoa rangi zinazouzwa katika chupa mbili zenye majimaji ya kuchanganywa. Hizi hazitumii oksijeni kuvunja. Zinafanya kinyume: huinyang'anya molekuli ya rangi kile ilichopewa na peroksaidi, ikapoteza rangi yake na, kwa sehemu, kupungua ukubwa. Harufu yake ni ya mayai yaliyooza kwa sababu zimetengenezwa kwa misombo ya salfa. Hupakwa kwenye nywele kavu, kichwa hufunikwa kwa mfuko wa plastiki, na baada ya muda ulioandikwa kwenye boksi nywele huoshwa.

Kuosha huko ndiko kazi yenyewe, na ndiko watu wanakokosea. Molekuli zilizopoteza rangi bado zimo ndani ya unywele. Zisipotolewa, oksijeni ya hewani huzirudishia rangi, na mtu aliyelala na nywele za kahawia huamka asubuhi ya pili akiwa na nyeusi. Maji ya vuguvugu yanapaswa kupita kwenye nywele kwa dakika 10 au zaidi, shampuu irudiwe mara kadhaa, na kwa siku chache zinazofuata kisitumike kitu chochote chenye peroksaidi. Watengenezaji wengi huweka kwenye boksi chupa ya tatu ya kumalizia, na si ya hiari.

Tukirudi kwenye kichwa chetu cha mfano, dawa ya aina hii ikifanya kazi vizuri huleta matokeo yanayowashangaza wengi. Sentimeta 2 za mizizi hubaki nyeusi kabisa, kwa kuwa ni melanini tupu na dawa haiigusi. Kuanzia hapo kushuka, nywele huwa za kahawia yenye wekundu, pengine za rangi ya chungwa iliyokolea, ingawa mwenyewe ataapa kwamba hajawahi kutia blichi maishani. Hakudanganya, lakini kila boksi alilopaka lilikuwa na peroksaidi. Peroksaidi hiyo ilipokuwa ikijenga weusi wa bandia, ilikuwa pia ikila kidogo weusi wa asili, na hasara hiyo haikuonekana kwa kuwa rangi mpya iliifunika. Dawa imefunua tu kilichokuwa kimekwisha kutendeka. Ncha zilizobeba mikupuo 12 huenda zikabaki na giza kuliko katikati, kwa sababu dawa ya mkupuo mmoja haimalizi mrundikano wa miaka miwili.

Kichwa hicho hicho kikiwekewa blichi bila kupitia hatua hiyo, mambo hugeuka juu chini. Mizizi haina rangi ya kiwandani, na iko karibu na joto la ngozi ambalo huharakisha kazi. Ndani ya dakika kama 20 inaweza kufika rangi ya chungwa inayong'aa au hata njano, wakati katikati bado ni wekundu wa giza, na ncha zimehama kidogo tu kutoka weusi. Huo ndio mgawanyo wa mikanda mitatu unaoonekana barabarani kwa waliojifanyia wenyewe. Fundi anayejua kazi huanza na ncha, huja katikati, na mizizi huiacha hadi mwisho. Tena hafanyi yote siku moja: blichi humaliza nguvu yake baada ya dakika 50 hivi, na kuipaka tena papo hapo juu ya unywele uliokwisha kuvimba huwa kunavunja keratini kuliko rangi.

Jinsi ya kulitambua hilo mapema ni kupima. Kikundi kidogo cha nywele za nyuma, pale panapofichika, hupakwa blichi na kutazamwa kila baada ya dakika chache. Kinaonyesha mambo mawili: rangi itakayofikiwa, na kama unywele utastahimili. Baada ya kuoshwa, unywele mmoja ukiwa bado umelowa huvutwa taratibu kwa vidole viwili. Wenye afya hurefuka kidogo na kurudi. Ukirefuka usirudi, ukawa laini wenye utelezi kama umepikwa, au ukakatika palepale, kazi imeishia hapo, hata kama rangi iliyofikiwa haijampendeza mtu.

Kwa nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha, onyo hilo ni zito maradufu. Dawa ya kulainisha hubadilisha kwa kudumu sehemu ya vifungo vya salfa vinavyoshikilia keratini, na blichi nayo huvishambulia vifungo hivyo hivyo. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki hulainisha na kupaka nyeusi kwa pamoja, kwa hiyo nywele zao huwa zimedhoofika kabla blichi haijafunguliwa. Kukatika usawa wa kidole juu ya ngozi, pale dawa mbili zinapokutana, ni jambo la kawaida, na saluni inayokataa kazi hiyo inamtendea mteja wema.

Unga mweusi wa pakiti na hina zilizochanganywa zina hatari ya namna yake. Baadhi zina chumvi za metali, na metali ikikutana na peroksaidi huweza kuleta joto, povu, na unywele kuharibika katika dakika chache. Kipimo chake ni rahisi: kishungi cha nywele zilizokatwa kinatumbukizwa katika kikombe cha peroksaidi ya asilimia 6 yenye matone ya amonia. Kama kikombe kinapata moto, kinatoa povu, au rangi ya nywele inageuka ghafla, nywele hizo zisikaribishwe na blichi wala rangi yenye peroksaidi.

Sabuni ya vyombo, magadi, ndimu na vidonge vya vitamini C vilivyosagwa husifiwa sana. Katika siku za kwanza baada ya kupaka, vinaweza kutoa sehemu ndogo ya rangi iliyobaki juu juu, na vitamini C ina uwezo hafifu wa kufanya kama dawa za salfa. Baada ya hapo kinachobaki ni ukavu. Klorini ya kufulia nguo ni jambo jingine kabisa, maana huyeyusha keratini yenyewe, na isiwekwe kichwani kwa sababu yoyote.

Wekundu na rangi ya chungwa vikishafikiwa, mara nyingi haviondolewi bali hufunikwa. Buluu huzima rangi ya chungwa, kijani huzima wekundu, na zambarau huzima njano. Rangi za kahawia ambazo mafundi huziita za majivu zimetiwa buluu au kijani kwa makusudi hayo, na zikipakwa juu ya nywele za chungwa huzaa kahawia iliyotulia. Buluu hiyo nayo huchakaa baada ya wiki kadhaa na chungwa likarudi, kwa hiyo matunzo huwa ya kurudia. Kwa nywele za mfano wetu lengo linaloweza kufikiwa bila kuzipoteza ni kahawia ya namba 5 au 6, kwa vipindi viwili au vitatu vilivyoachana wiki kadhaa. Asiyetaka hata hicho aache kupaka, na akate ncha kidogo kidogo: kwa sentimeta 1 kwa mwezi, sentimeta 30 za nywele zisizo na rangi ya boksi hupatikana kwa miaka miwili na nusu.